Hitilafu Kubwa Inaposimamisha Foleni

Kitengo cha kompyuta ofisini hushughulikia maombi kwa foleni: nywila iliyosahaulika, printa iliyogoma, akaunti ya mfanyakazi mpya. Foleni hiyo husimamishwa pale hitilafu moja inapokwamisha taasisi nzima.

Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliishia kwenye skrini ya bluu. Faili hilo liliondolewa baada ya dakika 78, lakini nyingi ya mashine zilizokwisha kukwama hazikuweza kurekebishwa kwa mbali. Ilibidi fundi aifikie kila moja, aiwashe katika hali salama, afute faili lililoanza na `C-00000291`, kisha aiwashe upya. Zilizofungwa kwa BitLocker zilidai kwanza ufunguo wenye tarakimu 48.

Kwa kazi ya namna hiyo, kasi hutegemea wingi wa mafundi. Mmoja huongoza, mwingine huwaarifu watumiaji, na waliobaki hugawana mashine, zile za huduma muhimu zikitangulia. Maombi ya kawaida hayafutwi. Husubiri mpaka huduma irejee.