Senti Mbili za Ankara

Ankara ya vifaa vya ofisi, iliyotolewa Nairobi, imeskaniwa. Programu imeisoma, ikajumlisha kodi ya kila mstari, na kusema kwamba hesabu hazilingani na jumla iliyochapishwa chini: zimepishana kwa senti mbili. Karani anapekua karatasi na kukuta kila tarakimu imesomwa sawasawa.

Bidhaa ni nne. Bei zake kabla ya kodi ni shilingi 87.40, 112.65, 245.90 na 64.15. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya ni asilimia 16, kwa hiyo mstari wa kwanza unadaiwa 13.984. Ankara huishia kwenye senti, basi inaandikwa 13.98 na kile kisehemu cha senti kinaachwa. Mistari mingine nayo inapoteza kiasi hicho hicho, ikaandikwa 18.02, 39.34 na 10.26. Ukijumlisha yote minne unapata 81.60.

Jumla ya chini, hata hivyo, haikutokana na mistari hiyo. Mfumo wa muuzaji ulijumlisha bei kwanza, ukapata 510.10, ndipo ukatoza asilimia 16: 81.616. Ulikadiria mara moja tu, ikawa 81.62. Visehemu vilivyoachwa mstari kwa mstari, hapa vilijumlishwa kabla ya kukatwa.

Hakuna aliyekosea. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua suala la kukadiria kodi ya kila bidhaa, katika kesi ya kampuni ya maduka ya Ahold. Mahakama ilisema sheria ya Umoja wa Ulaya haitaji njia maalumu. Kila nchi mwanachama ijiamulie, mradi isivunje misingi ya kodi hiyo.

Kwa mkaguzi, swali ni tofauti ya kiasi gani ikubaliwe. Kukadiria mara moja hakuwezi kupotosha zaidi ya nusu senti. Mistari minne pamoja na jumla ni mara tano, yaani senti mbili na nusu. Na kwa kuwa tunahesabu senti nzima, mwisho ni mbili. Ankara ya mistari 200 inaweza kupishana kwa shilingi nzima bila kosa lolote. Ndiyo maana kuweka kiwango kimoja kwa ankara zote ni uvivu: kitazuia ndefu zilizo safi na kupitisha fupi zenye kasoro.

Ila kulingana kwa jumla nako si ushahidi. Tuseme programu imesoma 39.34 kama 39.36, maana 4 iliyofifia hufanana na 6. Sasa mistari inatoa 81.62, sawasawa na jumla, na ankara inapita ikiwa na kosa. Kosa hilo hunaswa kwa kukagua mstari wenyewe: 245.90 kwa asilimia 16 ni 39.344, na hakuna kukadiria kwa senti iliyo karibu kunakoifikisha 39.36.