Kanuni za Shindano na Mizani ya Ubeti: Mfano wa Ndiva ya Suji

Mashindano ya utunzi huweka kanuni ili kazi nyingi zilinganishwe kwa kipimo kimoja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mfano wa mashindano makubwa ya namna hiyo. Mashindano madogo, ambayo zawadi yake huweza kuwa kitabu kimoja, huomba ubeti mmoja tu. Katika ubeti mmoja kosa halina mahali pa kujificha: mzani mmoja ukizidi, kazi huweza kuondolewa kabla ubora wake haujatazamwa.

Makala hii inafuatilia utunzi wa ubeti mmoja kwa masharti ya mfano: tarbia ya kimapokeo, kila mshororo mizani 16 iliyogawanyika 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, Kiswahili sanifu, maneno yasiyozidi 30, na mada ya maji. Neno “kimapokeo” lina uzito. Mtunzi akiliona, atarejea arudhi aliyoieleza Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954). Lisipokuwapo, shairi huru halikatazwi.

Kwa mtunzi wa Suji, katika milima ya Upare wilayani Same, mada ya maji inaelekea kwenye ndiva, yaani bwawa la asili ambamo maji ya mfereji hukusanywa usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Rasimu ya kwanza ya ukwapi wake iwe hii: “Ndiva yetu ya mlimani”. Kwa jicho, kipande hiki kinaonekana kuwa na mizani 8. Kikitamkwa polepole kinatoa 9: ndi-va-ye-tu-ya-m-li-ma-ni. Kosa limo katika *m* ya “mlimani”, ambayo ni silabi kamili ingawa haina irabu.

Hapa ndipo watunzi wengi wanapoteleza, kwa sababu si kila *m* inayotangulia konsonanti huhesabiwa. Katika “mtu” na “mpaji”, *m* ni mabaki ya kiambishi *mu-*, nayo ina mzani wake. Katika “mbegu”, *mb* ni sauti moja, na neno zima lina mizani 2. Neno “mbaya” linaonyesha tofauti hiyo waziwazi: katika “mtu mbaya” lina mizani 3, lakini katika “nyumba mbaya” lina 2. Maandishi ni yaleyale. Ngeli ndiyo inayobadili hesabu. Kwa hiyo mtunzi ahesabu kwa sikio na kwa sarufi, si kwa herufi.

Baada ya kuondoa “ya”, ubeti unaweza kukamilika hivi:

Ndiva yetu mlimani, usiku hulaza maji,
Asubuhi mabondeni, hushuka kwenye vijiji,
Apewe wa pembezoni, zamu sawa na mpaji,
Asilie mashambani, kwa kulikosa hitaji.

Kila kipande kina mizani 8. Kina cha kati ni *-ni* na cha mwisho ni *-ji*. Maneno ni 23, hivyo kikomo cha 30 hakikuvukwa. Inafaa kuzingatia kwamba vipimo hivi viwili havilingani: mizani 64 ya tarbia haibadiliki, ilhali idadi ya maneno hutegemea urefu wa maneno yaliyochaguliwa. Kitenzi kama “hulaza” hubeba kiambishi cha wakati na shina katika neno moja, na huokoa nafasi. Mtunzi atimize mizani kwanza, kisha ahesabu maneno.

Linabaki sharti la Kiswahili sanifu. “Ndiva” ni neno la Wapare, na mwamuzi asiyelijua angeweza kulihesabu kuwa dosari. Kulifafanua katika tanbihi kungeongeza maneno na kuvunja umbo. Ubeti huu unalifafanua kwa kitendo: kitu kilichoko mlimani kinacholaza maji usiku hakiwezi kuwa kingine ila hifadhi ya maji. Kuliondoa na kuweka “bwawa” kungehifadhi mizani, kwa kuwa maneno yote mawili yana mizani 2, lakini kungepoteza wazo la zamu ambalo mshororo wa tatu umelijengea hoja ya haki.

Mshororo huo pia unaonyesha mpaka wa uhuru wa mtunzi. “Apewe wa pembezoni” umeacha nomino, nao unaeleweka kwa sababu “wa” inaelekeza kwa mtu. Mpangilio huo unakubalika katika ushairi. Lakini kubadili irabu ya mwisho ya neno ili lipate kina cha *-ji* kungekuwa kuiboronga lugha. Ishara ya kosa hilo ni rahisi kuitambua: msikilizaji asiyeona maandishi hushindwa kulitambua neno.