Kaunta Haiingoji Ndege

Tiketi inaonyesha saa ya ndege kuondoka, lakini saa inayoamua kama utasafiri ni ile ya kaunta kufungwa. Kwa safari nyingi za nje ya nchi kaunta hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Za ndani huwa pungufu ya hapo, na kila shirika lina masharti yake. Sanduku likishapokelewa bado lina safari yake: lipite kwenye eksirei, lipelekwe uwanjani, lipakiwe, na rubani apate hesabu ya mwisho ya uzito. Ndiyo maana kuchekini kwa simu hakumwokoi mwenye mzigo mkubwa. Kiti anacho, ila akikuta kaunta imefungwa, yeye na sanduku lake watabaki.

Chukua abiria wa Unguja aliyepata tiketi nafuu ya kwenda Mumbai kutokea Dar es Salaam. Feri ya kwanza hutoka Malindi saa 1 asubuhi na kuvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Ndege ikiwa ya saa 4 asubuhi, kaunta inafungwa saa 3, wakati yeye ndiyo kwanza anashuka bandarini. Ikiwa ya saa 6 mchana, ana saa mbili za kungoja mizigo ya feri na kukabiliana na foleni ya Barabara ya Nyerere mpaka Jengo la 3. Inawezekana, bahari ikitulia. Mimi nisingethubutu.

Ndege ya saa 11 alfajiri itamlazimu kuvuka siku moja kabla, na hapo bei ya gesti ijumlishwe kwenye ule unafuu. Wala asidhani atafika uwanjani saa 4 usiku, akabidhi mzigo, kisha asinzie kwa raha. Kaunta nyingi hufunguliwa saa tatu hivi kabla ya safari, kwa hiyo sanduku atakaa nalo mguuni hadi saa 8 usiku.

Ndege za usiku wa manane zina mtego wa tarehe. Tiketi ikisema 15 Juni, 00:40, kaunta inafungwa 23:40 ya tarehe 14. Anayejifungasha jioni ya tarehe 15 ndege yake imeshaondoka tangu usiku uliopita.

Wengine hupenda ndege za jioni wakitegemea kwamba huchelewa. Ni kweli huchelewa zaidi, maana ndege moja hufanya safari kadhaa kutwa na ucheleweshaji hurundikana. Lakini mara nyingi kaunta hufungwa kwa saa ya kwenye tiketi, hata kama ndege yenyewe bado haijatua. Na aliyekosa ya asubuhi kwenda Nairobi huenda akapata kiti mchana, japo kwa kulipa nyongeza. Aliyekosa ya mwisho ya usiku hana ila kesho.