Ukibana Tundu la Lenzi Kupita Kiasi, Picha Hulegea

Anayeanza kujifunza kupiga picha za mandhari huambiwa mapema kwamba akitaka kila kitu kionekane vizuri, kuanzia majani yaliyo miguuni pake hadi mlima ulio mbali, abane tundu la lenzi. Huzungusha gurudumu la kamera kutoka f/4 hadi f/8, akaona tofauti, akafurahi. Kisha hujiambia kwamba kama f/8 ni nzuri, f/22 itakuwa nzuri zaidi. Anaporudi nyumbani na kuikuza picha kwenye kompyuta, anakuta jambo asilolielewa: hakuna sehemu iliyokosa fokasi, lakini pia hakuna sehemu iliyo kali. Picha nzima imelegea.

Wengi hapo hulaumu lenzi, hasa ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, wakaanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Lakini hata lenzi ya bei ya gari ingelegea vivyo hivyo kwenye f/22, kwa sababu chanzo hakimo kwenye kioo. Kimo kwenye mwanga wenyewe.

Mwanga husafiri kama mawimbi, na wimbi likipita kwenye upenyo haliendelei kunyooka lote. Aliyewahi kusimama ufukweni mahali penye mlango kwenye mwamba ameliona hili: mlango ukiwa mpana, mawimbi hupita na kuendelea mbele karibu kama yalivyokuja, ukiwa mwembamba, hutawanyika pande zote kama kipepeo cha mkono mara yanapoingia ndani. Tundu la lenzi ni mlango wa namna hiyo. Kadiri linavyokuwa dogo, ndivyo mwanga unaopita humo unavyotanuka kabla haujafika kwenye sensa. Wanafizikia huliita jambo hili difraksheni.

Kwa sababu hiyo, hakuna lenzi duniani inayoweza kuichora nyota kama nukta kamili. Huichora kama kisahani kidogo cha mwanga chenye pete hafifu kukizunguka. Mwaka 1835 mwanaastronomia Mwingereza George Airy alikokotoa ukubwa wake, na hadi leo kinaitwa kisahani cha Airy. Mpiga picha hana haja ya hesabu yake yote. Kwa mwanga wa kijani, ambao ndio jicho letu huuona vizuri kuliko mwingine, zidisha namba ya f kwa 1.34 na utapata upana wa kisahani kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kwenye f/8 ni mikroni 11 hivi. Kwenye f/11 ni 15. Kwenye f/22 ni karibu 30.

Hesabu hiyo haitaji urefu wa lenzi, na wapo wanaobishana juu ya hili. Lenzi ya milimita 200 kwenye f/22 ina tundu pana la milimita 9, ilhali ya milimita 18 ina tundu lisilofika hata milimita moja. Inaonekana kama lenzi ndefu ingepaswa kunusurika. Hainusuriki, kwa kuwa tundu lake liko mbali zaidi na mahali picha inapoundwa, na mwanga hupata safari ndefu ya kutanukia. Mambo hayo mawili hufutana. Kinachobaki kuamua ni namba ya f peke yake.

Tuchukue mfano wa picha moja. Mpiga picha yuko kusini mwa Ziwa Natron, tope lililokauka limepasuka mbele yake, na nyuma kabisa umesimama mlima Oldonyo Lengai. Anataka nyufa na mlima vyote viwe vikali. Kamera yake ni ya aina ya kawaida: sensa yenye upana wa milimita 23.5 na pikseli milioni 24, ambayo kila pikseli ina upana wa mikroni 4 hivi. Lenzi ameiweka kwenye milimita 18, na ufa ulio karibu kuliko yote uko mita 1.5 kutoka kwenye lenzi.

Swali la kwanza ni aweke wapi fokasi. Akiiweka kwenye mlima, nyufa zitafifia. Akiiweka kwenye nyufa, mlima utafifia. Ipo kanuni rahisi inayogawa hasara sawasawa: pima umbali wa kitu cha karibu kabisa unachotaka kionekane, kisha weka fokasi kwenye umbali maradufu ya huo. Hapa ni mita 3. Akifanya hivyo, ufa wa mbele na kilele cha mlima vitapungukiwa ukali kwa kiasi kilekile.

Sasa achague tundu. Kwenye f/4, nukta yoyote ya ufa au ya mlima itachorwa kama duara la mikroni 27 kwa sababu haimo kwenye fokasi, wakati kisahani cha difraksheni ni mikroni 5 tu. Tatizo lake hapo ni fokasi, na kubana tundu kutamsaidia. Kwenye f/8 duara la fokasi limeshuka hadi 14, kisahani kimepanda hadi 11. Kwenye f/11 ni 10 kwa 15. Mahali fulani kati ya f/8 na f/11 vitu hivyo viwili vimelingana, na hapo ndipo pahali bora pa picha hii. Akiendelea hadi f/22, duara la fokasi litapungua hadi 5, lakini kisahani kitakuwa 30.

Tazama miisho miwili ya hesabu hiyo. Ukilegeza hadi f/4 unapata ukungu wa mikroni 27 kwenye ufa na mlima. Ukibana hadi f/22 unapata 30. Ukungu ni karibu uleule. Tofauti ni kwamba kwenye f/4 kile kilicho mita 3 kutoka kwenye lenzi, palipo na fokasi, kingebaki kikali, ilhali kwenye f/22 hata hicho kimeharibika, kwa sababu difraksheni haichagui umbali. Ndiyo maana namuona anayepiga mandhari yote kwa f/22 kuwa amepoteza zaidi ya yule aliyeacha tundu wazi.

Je, hasara hiyo inaonekana kwa macho? Kwa picha ya simu inayotumwa WhatsApp, hapana, na asikudanganye mtu. Ikichapishwa kwenye karatasi ya A3 inakuzwa mara 18, na kile kisahani cha mikroni 30 kinakuwa na upana wa nusu milimita. Mwanga wake mwingi umo katikati, kwa hiyo ulegevu unaouhisi ni kama robo milimita. Jicho zuri, likiitazama karatasi kwa umbali wa kusoma kitabu, huuona. Nyufa zitakuwepo, lakini kingo zake zitakuwa zimelainika na chembe za chumvi juu ya tope zitakuwa zimeyeyukiana.

Kuna gharama nyingine za f/22 zinazochanganywa na difraksheni. Kutoka f/8 hadi f/22 ni hatua tatu, yaani shata iliyokuwa 1/250 sasa ni karibu 1/30, na mkono au upepo unaweza kuitikisa picha. Vumbi lililoganda kwenye sensa, ambalo halikuonekana kwenye f/5.6, linajitokeza kama madoa meusi angani. Namna ya kutofautisha ni hii. Mtikisiko una mwelekeo: kila nukta imevutwa upande mmoja. Fokasi iliyokosewa huacha sehemu fulani ya picha ikiwa kali, mbele au nyuma ya ulichokusudia. Difraksheni hulegeza kila mahali kwa usawa, katikati na pembeni, karibu na mbali.

Kuijua lenzi yako mwenyewe hakuhitaji maabara. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani mahali penye mwanga wa kutosha, weka kamera kwenye stendi, zima fokasi ya kujiendesha baada ya kuipata, na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Weka kamera kwenye A au Av, upige f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16 na f/22. Kisha zitazame kwa 100% na usome herufi ndogo za katikati na za pembeni. Kwa kawaida utaona pembe zikianza kwa ulegevu kwenye f/4, kwani tundu likiwa wazi kasoro za kioo chenyewe huonekana. Zikikaza kwenye f/5.6 na f/8. Zikishikilia kwenye f/11. Kisha ukurasa mzima ukianza kufifia kwenye f/16. Kwenye f/22 hata anayetazama kwa mara ya kwanza atakuonyesha.

Nisieleweke kuwa f/16 ni haramu. Anayepiga picha ya pete au mdudu kwa karibu sana hukosa fokasi kwa milimita chache tu, na ukungu wa kukosa fokasi ni mbaya kuliko wa difraksheni. Hapo kubana tundu ni lazima. Lakini ajue kwamba akikaribia hadi kitu kichorwe kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, namba aliyoiweka hutenda kazi kama mara mbili yake. f/16 yake ni f/32, na kisahani chake ni mikroni 43. Kwa kazi ya namna hiyo ni afadhali abaki karibu na f/5.6, apige picha kadhaa akisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha aziunganishe kwenye kompyuta.

Pia programu ya kuhariri inaweza kurudisha ukali kiasi, na picha ya f/11 au f/16 ikinolewa kwa uangalifu huwa nzuri kabisa. Ya f/22 hairudi yote. Maelezo yaliyo madogo sana kuliko kisahani hayakuwahi kuandikwa kwenye sensa, na kunoa hakuwezi kuyabuni.

Wengine watauliza juu ya Ansel Adams na Edward Weston, ambao mwaka 1932 huko San Francisco waliunda kundi na kuliita f/64, kwa sababu walipenda picha kali kila mahali. Hawakuwa wamekosea. Weston alitumia filamu ya inchi 8 kwa 10, akailaza juu ya karatasi na kuchapa bila kuikuza hata kidogo. Kwenye f/64 kisahani ni mikroni 86, chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na kikibaki hivyo kwenye karatasi jicho halikioni. Sensa yako ina upana usiofika inchi moja, na ili ijaze A3 lazima ikuzwe mara 18. Usiige namba yao. Weka f/8, fokasi iwe maradufu ya umbali wa kitu cha karibu, na usivuke f/11 mpaka uwe na sababu unayoweza kuitaja.