Deni Lile Lile, Mizania Mbili Tofauti

Chukua mfano wa kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida. Mizania yake ya Desemba 31 inaonyesha madeni ya shilingi milioni 300. Afisa mikopo wa benki akiona jumla hiyo peke yake, hajajua lolote la kumsaidia. Swali lake ni moja: kati ya hizo, ngapi zinadaiwa ndani ya miezi 12 ijayo, na zitalipwa kwa fedha ipi?

Tuseme milioni 60 ni za wakulima na wauzaji wa vifungashio. Milioni 240 zilizobaki ni mkopo wa mashine, unaolipwa milioni 40 kila mwaka. Rejesho la mwaka ujao linahesabiwa kuwa deni la muda mfupi, hivyo deni la muda mfupi ni milioni 100, na la muda mrefu ni milioni 200. Upande wa pili, fedha taslimu, madeni ya wateja na alizeti iliyoko ghalani vina thamani ya milioni 150. Kwa kila shilingi inayodaiwa mwakani, kiwanda kina shilingi moja na nusu ya kuilipia.

Mhasibu akiuweka mkopo wote kwenye muda mrefu, deni la karibu linabaki milioni 60, na kiwanda kinaonekana kuwa na shilingi mbili na nusu kwa kila shilingi. Kasoro hii hugundulika kwa urahisi: linganisha mizania na ratiba ya marejesho. Mkopo unaolipwa kila mwaka hauwezi kukosa sehemu inayodaiwa mwaka ujao.

Hatari kubwa zaidi imo katika masharti ya mkopo. Benki nyingi hudai, kwa mfano, kwamba madeni yasizidi kiwango fulani cha mtaji. Kiwanda kikivunja sharti kabla ya mwaka kufungwa, na benki ikapata haki ya kudai mkopo papo hapo, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 1 kinataka milioni zote 240 zihamie kwenye muda mfupi, hata kama benki haijadai chochote. Sasa milioni 150 zinakabili milioni 300. Barua ya benki ya kuridhia kusubiri angalau miezi 12 baada ya mwaka kufungwa huokoa hali, ila iwe imetolewa kufikia Desemba 31. Ya Januari imechelewa.

Mgawanyo huu hata hivyo hausemi alizeti ya ghalani itauzika lini. Kwa hiyo mkopeshaji makini huomba karatasi tatu: ratiba ya marejesho, barua ya benki yenye tarehe, na orodha ya mali iliyoko ghalani pamoja na muda iliyokaa humo.