Kadiria Kwanza, Kisha Tazama Picha

Siku hizi wanachuo hupelekeana majibu ya hisabati kwa picha za simu. Mmoja hukokotoa, hupiga picha ukurasa wa daftari lake, na wenzake huusoma wakiwa mbali. Hatuoni ubaya wa jambo hilo. Ila nukta ya desimali iliyoandikwa kwa penseli huweza kufifia katika picha hata isionekane, na doa la karatasi huweza kusomwa kuwa ndiyo nukta. Mwanachuo mmoja aliwaandikia wanakikundi wenzake hivi:

“Ndugu zangu, swali lataka eneo la tuta la mboga lenye urefu wa mita 19.8 na upana wa mita 0.52. Picha ya jibu mmekwisha kuipata, lakini msiitazame bado. Urefu ni karibu mita 20, na upana ni karibu nusu mita. Nusu ya 20 ni 10. Andikeni pembeni: karibu mita za mraba 10. Sasa tazameni picha. Mimi naona 102.96, yaani karibu mara kumi ya kadirio. Nimezidisha mwenyewe nikapata 10.296. Tarakimu ni zile zile; nukta ndiyo iliyohama.”

Mpango huo wa kukadiria kabla ya kutazama una sababu. Mtu aliyekwisha kuona 102.96 huvutwa nayo, akatafuta namba za kuithibitisha. Aliyeandika 10 kwanza hushtuka mara moja.

Hata hivyo, kadirio la namna hii halikamati kila kosa. Tuseme mwandishi amegeuza tarakimu mbili akaandika 10.926. Namba hiyo nayo ni karibu 10, na wengi wataipitisha. Hapo yafaa kubadili namba moja tu na kuiacha ya pili kama ilivyo: 20 mara 0.52 ni 10.4. Kwa kuwa 19.8 ni pungufu ya 20, jibu la kweli halina budi kuwa chini ya 10.4. Basi 10.926 haiwezi kuwa sahihi. (Mwenye haraka hata aweza kumaliza hesabu hapo hapo: tumezidisha 0.2 mara 0.52, yaani 0.104, iondoe katika 10.4, nayo 10.296 inabaki.) Lakini kama picha ingeonyesha 10.269, kipimo hiki kingeipitisha, na dawa ingekuwa kuzidisha upya tarakimu kwa tarakimu.

Mwalimu atakayelifundisha jambo hili darasani haihitaji simu. Aandike swali ubaoni, afunike jibu kwa karatasi, na asiifunue mpaka kila mtoto awe ameandika kadirio lake kwa kalamu isiyofutika. Wakiruhusiwa penseli na kifutio, wapo watakaolifuta kadirio na kuandika jibu la ubaoni mahali pake.