Meseji za Kliniki ya Mtu Mwingine

Meseji ya kwanza ilinikuta kwenye daladala. "Ndugu," ikafuata majina mawili ya mwanamke, "unakumbushwa kuhudhuria kliniki tarehe 14 saa 2 asubuhi. Njoo na kadi yako." Mimi ni mwanaume, sina kadi ya kliniki yoyote, na jina lile silijui. Nikaifuta. Mwezi uliofuata ikaja nyingine. Ya tatu iliongeza maneno matatu kuhusu dawa, na hapo ndipo niliposita. Kufikia siku hiyo nilikuwa najua jina la mama huyu, kituo anachotibiwa, siku anayokwenda na kwamba anatumia dawa za kila mwezi. Majirani zake wangeweza kuishi naye miaka kumi bila kujua hayo yote.

Nilijaribu kujibu. Simu ikagoma, kwa sababu ujumbe haukutoka kwenye namba bali kwenye jina la kituo, na jina halipokei majibu. Nilifikiria kuzuia, lakini kuzuia kunafanyika kwenye simu yangu tu. Kompyuta ya kituo ingeendelea kutuma na kuhesabu kwamba mgonjwa amekumbushwa, mgonjwa mwenyewe akiwa hajui lolote. Hata ile njia ya mitandao ya kujiondoa kwenye matangazo haisaidii hapa, maana kikumbusho cha kliniki si tangazo la biashara.

Nikapiga simu mapokezi. "Dada, mnayemtumia meseji siye mimi." Akanijibu kwa upole, "Pole kaka, tutaliangalia." Sikusikia kalamu ikitembea. Mwezi ukapita, meseji ikaja.

Kabla ya kuandika barua, nilitaka kujua namba yangu iliingiaje huko, kwa sababu marekebisho hutegemea chanzo cha kosa. Chanzo cha kwanza ni laini iliyorudishwa sokoni. Mtu akiacha kutumia laini kwa miezi kadhaa, kampuni ya simu huifunga, kisha namba ileile huuzwa kwa mwingine. Dalili yake ni kwamba kliniki haiwi peke yake: wanaokudai mkopo wanapiga, shule inaulizia ada, shangazi wa mtu anakusalimia kwa jina usilolijua. Chanzo cha pili ni mwandiko. Namba huandikwa kwa kalamu kwenye rejesta, kisha mtu mwingine huiingiza kwenye kompyuta, na 1 iliyoandikwa kwa haraka hugeuka 7. Hapo utasikia kutoka kliniki tu, si kwingine kokote. Chanzo cha tatu ni simu ya kuazima: mgonjwa asiye na simu hutoa namba ya jirani au ya mtoto wa dada. Basi kabla ya kulalamika, uliza nyumbani kwanza. Huenda mtu aliyeitoa namba hiyo anakula nawe sahani moja.

Kwangu hakukuwa na mdai wala shangazi. Ilikuwa kliniki peke yake, na nyumbani hakuna aliyelijua jina lile. Nikashuku mwandiko. Kisha nikapiga *106# kuhakikisha kwamba laini imesajiliwa kwa jina langu, maana wa kwanza kuulizwa katika jambo kama hili ni mlalamikaji.

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwamkia, nikamweleza nia yangu ya kuandika "naomba mfute namba yangu". Akacheka. "Mwanangu, wataifuta mahali pamoja, nayo ipo mahali pengi." Akanihesabia kwa vidole. Kuna rejesta ya karatasi na jalada la mgonjwa. Kuna mfumo wa kompyuta, na ndani yake namba inaweza kukaa kwenye nafasi ya mgonjwa au kwenye nafasi ya ndugu wa karibu. Kuna orodha iliyokwisha kupelekwa kwa kampuni inayotuma meseji kwa niaba ya kituo. Akifutwa kwenye orodha hiyo pekee, mfumo utaipeleka tena namba ileile safari ijayo. Akifutwa kwenye mfumo peke yake, karani mpya atafungua jalada, aone namba iliyoandikwa kwa wino, airudishe kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba meseji zilikoma miezi miwili kisha zikafufuka.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo sikulifikiria. Namba ya Tanzania inaweza kuandikwa kwa kuanza na 0 au kwa kuanza na 255. Karani akitafuta moja kwenye kompyuta, ile nyingine inaweza isionekane, naye akakwambia kwa dhati kwamba namba yako haimo. Dawa yake ni kuwaomba watafute kwa tarakimu tisa za mwisho, ambazo hazibadiliki kwa namna yoyote utakayoiandika.

Nilikaa mezani, nikaandika hivi. Namba kamili na tarehe zilikuwemo, hapa nimeziacha.

"Kwa Mganga Mfawidhi.

YAH: OMBI LA KUONDOA NAMBA YA SIMU ISIYO YA MGONJWA WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa namba ya simu iliyotajwa hapa chini, iliyosajiliwa kwa jina langu. Sijawahi kutibiwa katika kituo chenu. Katika miezi minne iliyopita nimepokea ujumbe mara nne kutoka kwenu, tarehe na saa zikiwa kama nilivyoorodhesha, ukimkumbusha mtu mwingine siku yake ya kliniki.

Naomba mtafute namba hii kwa tarakimu tisa za mwisho, katika mfumo, rejesta, nafasi ya ndugu wa karibu na orodha ya kampuni inayowatumia ujumbe, na muiondoe kila mahali itakapoonekana. Naomba pia mgonjwa husika atafutwe kwa njia nyingine, kwani inawezekana hajapata vikumbusho vyake kwa muda wote huo. Sihitaji kumfahamu. Ujumbe nilioupokea nitaufuta mara mtakaponithibitishia kwa maandishi kwamba kazi imekamilika.

Nakala ya ujumbe naweza kuionyesha kwa ofisa mtakayemteua."

Utaona kwamba jina la mama yule halimo. Si kwamba nililisahau. Barua hupita mikononi mwa mlinzi, masijala, katibu muhtasi na pengine mhudumu anayeipeleka ofisini, na hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kulisoma. Namba ya simu inatosha kabisa kulifikia jalada. Kwa sababu hiyohiyo sikutaja neno lolote kuhusu dawa, wala sikubandika picha ya meseji kwenye barua. Nimewahi kuona watu wakiposti picha kama hizo kwenye kundi la mtaa wakiuliza, "Nani anamjua huyu?" Nia yao ni njema, lakini jirani wa mgonjwa yumo humohumo kwenye kundi.

Sentensi ya mgonjwa kutafutwa kwa njia nyingine nayo ina uzito wake. Ukiomba kufutwa tu, kituo kinaweza kukuridhisha wewe, na mgonjwa akabaki na jalada lisilo na namba. Kituo kina njia zake: kumngoja kwenye hudhurio lijalo na kumuuliza upya, kumpata kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au kurudi kwenye rejesta na kulinganisha mwandiko. Wewe usiwapangie. Wakumbushe tu kwamba yupo.

Je, kituo kinalazimika? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihusu taasisi za umma na za binafsi. Anayekusanya taarifa anatakiwa kuhakikisha ni sahihi, na mwenye taarifa anaweza kuomba zirekebishwe. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Katika kisa hiki wenye haki ni wawili: mimi kwa namba yangu, yeye kwa siri yake. Ukipuuzwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya nako ipo sheria ya aina hiyo ya mwaka 2019, yenye Kamishna wake. Hata hivyo mimi sikuitaja sheria kwenye barua ya kwanza. Karani anayetishwa huipeleka barua kwa mwanasheria, na kwa mwanasheria foleni ni ndefu. Sheria niliiweka akiba kwa barua ya pili, kama ingehitajika.

Nilichokuwa na hamu ya kukisema, nikakiacha kwa sababu si changu kuwafundisha kazi, ni namna meseji zenyewe zinavyoandikwa. Kati ya mwaka 2007 na 2008, kliniki tatu nchini Kenya, mojawapo ikiwa Pumwani jijini Nairobi, zilishiriki utafiti ulioitwa WelTel kwa watu walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Kila wiki mgonjwa alitumiwa neno moja: "Mambo?" Naye alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyejibu shida au kukaa kimya alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: waliotumiwa meseji walizingatia dawa vizuri zaidi kuliko wasiotumiwa. Ila mimi navutiwa na kingine. "Mambo?" ikimwangukia mtu asiyehusika, haimwambii chochote. Na kwa kuwa mfumo ulingoja jibu, namba iliyokosewa ingejulikana wiki hiyohiyo, tofauti na kituo kilichonitumia ujumbe miezi minne bila kujua kinaongea na nani.

Barua niliipeleka kwa mkono nikiwa na nakala mbili. Moja ikabaki masijala, ya pili nikagongewa muhuri wa "IMEPOKELEWA" na tarehe. Bila muhuri huo, ukirudi baada ya mwezi utaambiwa barua haijaonekana, na utaanza upya.

Siku ya tisa nikaitwa. Dada wa kitengo cha takwimu alikuwa na rejesta mezani. Namba yangu, alisema, ilikuwa imekaa sehemu mbili, na kwenye wino ilionekana wazi kwamba tarakimu moja ya katikati ilikuwa 1, si 7. Mfumo ulikuwa umeiandika kwa 255, ndiyo maana nilipopiga simu mara ya kwanza walitafuta kwa 0 wasiione. Akanipa karatasi yenye sahihi inayothibitisha kwamba imeondolewa. Nikafuta meseji zote nne mbele yake.

Nilipokuwa nasimama nikamuuliza kama yule mama amepatikana.

"Hilo, kaka," akasema huku akiifunga rejesta, "siwezi kukwambia."